Nimekufa nimeoza: unaisemaje kwa Kifaransa?

Kuna binti wa Kinshasa niliyesoma naye kozi ya wiki 3 hapa Dar. Anajua Kifaransa na Kilingala, Kiswahili hapana. Nataka kumwandikia hivi: "Mtoto mzuri, nimekufa nimeoza kwako, nakupenda sana." Programu ya simu imenipa Kifaransa kirefu. Nitume?

Usitume, kaka. Tuichambue kwanza sentensi yako, kwa sababu imebeba mitego mitatu ambayo karibu kila Mswahili huiingia.

Tuanze na "mtoto mzuri". Kwetu ni sifa. Ukiipeleka neno kwa neno unapata "bel enfant", na hapo unamsifia mtoto wa chekechea. Binti wa watu atajiuliza unamwona ana miaka mingapi. Itupe tu, au weka jina lake. Jina la mtu mwanzoni mwa ujumbe lina uzito wake.

"Nimekufa nimeoza" ikitafsiriwa ilivyo inakuwa "je suis mort et pourri". Hiyo ni maiti, tena ya siku kadhaa. Wafaransa nao wana picha zao: "je suis fou de toi", yaani nina kichaa nawe, na "je craque pour toi", ambapo "craquer" ni kupasuka au kuvunjika, kama mtu aliyejizuia hadi akashindwa. Hii ya pili ni nyepesi na ina utani ndani yake. Inafaa kama mmeshaanza kutaniana.

Mtego mkubwa ni "nakupenda sana", na hapa hata watu waliosoma Kifaransa shuleni huanguka. Kwetu "sana" inaongeza nguvu. Kwa Kifaransa, "je t'aime" ikisimama peke yake ni nzito, ni tamko la mapenzi kamili. Ukiongeza "beaucoup", ikawa "je t'aime beaucoup", badala ya kupanda inashuka, na mara nyingi husikika kama upendo wa rafiki au ndugu. "Je t'aime bien" inashuka zaidi: wewe ni mtu mzuri, tubaki hivyo hivyo. Wengi huambiwa sentensi hiyo wanapokataliwa kwa heshima. Kwa hiyo wewe ungedhani umemwaga moyo wote, naye angesoma kwamba unamchukulia kama dada.

Na "je t'aime" tupu kwa mtu uliyekaa naye wiki 3? Itamtisha. Kitenzi chetu "kupenda" kinabeba kila kitu, kuanzia wali wa nazi hadi mke. Wao, kwa hatua uliyopo, wanatumia kitenzi kingine kabisa: "tu me plais". Angalia mpangilio wake. Mtendaji ni yeye, wewe ndiye unayepatwa, sawasawa na Kiswahili cha "unanipendeza" au "unanivutia". Ajabu ni kwamba hapa "beaucoup" inarudia kazi yake ya kawaida, inaongeza. Mimi ningeandika:

"Tu me plais beaucoup. Je pense souvent à toi."

Yaani unanivutia sana, nakuwaza mara kwa mara. Sentensi mbili fupi, hakuna maiti, hakuna mtoto. Akijibu kwa uchangamfu, "je craque pour toi" itapata nafasi yake baadaye.

Niko Mombasa, yeye ni Mcomoro anayeishi Marseille. Nilimwandikia "Je t'ai manqué" nikimaanisha nimekumiss. Akajibu "Oui, beaucoup!" Nimeudhika. Mbona anajisifu?

Hajajisifu, dada yangu. Amekujibu swali ulilomuuliza bila kujua. Ulichoandika maana yake ni "wewe ulinimiss mimi", naye akakiri kwamba ndiyo, sana. Ukitazama vizuri, umepata habari njema.

Kitenzi "manquer" kinakwenda kinyume na chetu. Kwetu anayeumia ndiye mtendaji: *mimi* nimekumiss *wewe*. Kwao anayekosekana ndiye mtendaji. Njia ninayowapa wanafunzi wangu ni kuisema kwanza kwa Kiswahili cha "unanipungukia". Wewe, kwangu, unapungua. Hapo viungo vinakaa mahali pake vyenyewe: "tu me manques". Kama mmeshaonana tena na unazungumzia siku zilizopita, ni "tu m'as manqué".

Angalia pia simu yako isije ikakuponza. "Nimekukosa" ikiingia kwenye programu inaweza kutoka "je t'ai raté", jambo linalosemwa kwa basi lililokuacha kituoni. Na kidole kikiteleza ukaandika "nimekukosea", utakuwa umeomba radhi kwa kosa ambalo hujalifanya.

Nilimwambia msichana wa Kibelgiji "j'ai envie de toi" kwa sababu kamusi inasema "envie" ni hamu. Nilikuwa na hamu ya kumwona tu. Siku 2 sasa kimya.

Lo! Kamusi haikudanganya, ila imekuacha njiani. "J'ai envie de te voir" ni nina hamu ya kukuona, haina shida yoyote. Lakini ukikata kitenzi cha mwisho ukaacha "de toi", hamu inakuwa ya mwili wake. Umemwambia unataka kulala naye.

Mwandikie leo, kwa ufupi: "Pardon, je voulais dire que j'ai hâte de te revoir. Mon français m'a trahi." Yaani samahani, nilitaka kusema nasubiri kwa hamu kukuona tena, Kifaransa changu kimenisaliti. Usiandike aya nzima ya kujitetea, maana kila sentensi ya ziada ina mtego wake. "Avoir hâte de" ndiyo hamu salama. Ishike hiyo.

Familia hii ina ndugu watatu wengine wa kuepuka. "Je suis excité" si "nimefurahi mno", ni mwili umeamka. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi niliiandika kwenye barua ya shukrani kwa mama mmoja mzee aliyekuwa amenialika chakula, na mpaka leo nikiikumbuka nafunika uso. Useme "je suis content", au "contente" kama wewe ni mwanamke. Wa pili ni "tu es bonne". Neno "bonne" ni zuri ukisifia supu, lakini likielekezwa kwa mwanamke hivyo ni lugha ya kihuni ya kumtamani. Mwambie "tu es belle". Wa tatu ni "baiser". Likiwa jina, "un baiser" ni busu. Likiwa kitenzi ni tusi la kitandani. Kubusu ni "embrasser", na mwisho wa ujumbe "bisous" inatosha, ingawa usijenge nyumba juu yake: hata shangazi huandikiwa "bisous".

Mimi ni mwanamke, namwandikia mwanamume. Niandike "beau" au "belle"?

"Tu es beau." Sifa inamfuata anayesifiwa, haimfuati anayesema. Ukijizungumzia wewe mwenyewe ndipo unaandika kike: "je suis folle de toi", huku yeye akikuandikia "je suis fou de toi". Kiswahili hakitofautishi, mzuri ni mzuri, kwa hiyo programu inabahatisha, na mara nyingi huangukia uanaume. Kama hutaki kuhangaika, chagua sentensi zisizobadilika: "tu me plais", "tu me manques", "j'ai hâte de te voir". Na ukitaka kumwambia amependeza, usimsifie yeye, lisifie vazi: "cette chemise te va très bien", yaani shati hili limekukaa vizuri sana.

Ananiita "ma puce". Simu inasema ni "kiroboto wangu". Ananitukana?

Anakubembeleza. Kiroboto kwao ni kitu kidogo cha kupendwa, kama wanavyoita "mon chou", ambalo simu itakwambia ni kabichi. Usicheke sana, maana sisi tuna "nyonga mkalia ini". Jaribu kumweleza Mfaransa nyonga inakaaje juu ya ini. Ukitaka kumjibu kwa tamko linalovuka salama, "mon cœur", moyo wangu, linasemwa hivyo hivyo pande zote mbili, na halibadiliki awe mwanamume au mwanamke.

Huwa natafsiri kwenda Kifaransa, halafu naigeuza irudi Kiswahili. Ikirudi sawa, natuma. Inatosha?

Inakamata aina moja ya kosa, ile ya dada wa Mombasa: nani anamfanyia nani. Ukiona "mimi" na "wewe" vimebadilishana viti, simama. Lakini haikamati heshima wala uhuni. "Tu es bonne" inaweza kurudi "wewe ni mzuri", safi kabisa, nawe ukaituma ukiwa na amani.

Mimi hufanya kazi mahali pengine, kabla ya tafsiri. Naondoa kwanza misimu yote. "Nimekuzimikia" naigeuza kuwa "unanivutia". "Ulivyo mkali" inakuwa "wewe ni mrembo", la sivyo utamwambia ni mkali kama askari. Wazo moja, sentensi moja, kitenzi kimoja. Kisha kila neno la mwili, hamu au busu nalifungua kwenye kamusi ya Kifaransa kwa Kifaransa na kutazama alama ndogo iliyo kando ya maana. "Fam." ni lugha ya kijiweni, inavumilika kati ya marafiki. "Vulg." ni tusi. Alama hiyo programu yako haikuoneshi.

Tumezungumza mwezi mzima na bado ananiandikia "vous". Hanitaki?

"Vous" ni "wewe" ya heshima, "tu" ni ya watu wa karibu. Huenda ni adabu tu, hasa kama mlifahamiana kazini. Usianze "tu" ghafla. Muulize: "On se tutoie ?", yaani tuitane "tu"? Akikubali, umesogea hatua moja bila kusema neno la mapenzi. Ukirudishiwa "vous" baada ya hapo, basi umejibiwa.

Wangu ni wa Lubumbashi. Nimwandikie Kifaransa gani?

Kwa nini Kifaransa, mdogo wangu? Lubumbashi wanazungumza Kiswahili. Kitakuwa na ladha yake, utakutana na "niko nafanya" mahali pa "ninafanya" na maneno ya Kifaransa katikati, lakini mtaelewana. Mwandikie tu "nakupenda". Ila hiyo misimu ya Dar iache nyumbani. Ukimwambia umemzimikia, atakuuliza kama simu yako imeisha chaji.