Umeme ukirudi, kompyuta na rekoda ya kamera hugombea anwani moja

Swali: Habari za kazi, fundi. Tangu tulipofungiwa kamera nne na rekoda yake hapa nyumbani, kompyuta yangu mpakato ya Windows inaleta onyo kwamba kuna mgongano wa anwani ya IP na kifaa kingine, halafu intaneti inakatika-katika. Hutokea sana umeme ukikatika na kurudi. Nikizima ruta na kuiwasha inapona, baada ya siku chache hali ni ile ile. Je, ruta imekufa au ni kompyuta? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Salama, ndugu yangu. Usinunue ruta nyingine kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, mshukiwa ni hiyo rekoda, na ubaya wake ni mpangilio tu.

Ruta ya nyumbani hugawa anwani kutoka fungu maalumu. Ruta nyingi zenye anwani 192.168.1.1 hugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199. Rekoda na kamera nyingi za usalama haziombi anwani. Hutoka kiwandani zikiwa na anwani ya kudumu. Vifaa vya Dahua, kwa mfano, huja na 192.168.1.108, na anwani hiyo iko ndani kabisa ya fungu la ruta. Ruta haina habari kwamba 108 ina mwenyewe, kwa hiyo siku yoyote inaweza kumpa mtu mwingine.

Mbona basi haigongani kila siku? Kwa sababu Windows ikipewa anwani huuliza kwanza mtandaoni kama kuna anayeitumia. Rekoda ikiwa macho, hujibu. Kompyuta huikataa 108 na kuomba nyingine. Umeme ukikatika, ruta na rekoda huzimika pamoja, kompyuta hubaki na betri yake. Umeme ukirudi, ruta huwaka kabla ya rekoda kumaliza kuamka, na orodha ya anwani ilizogawa mara nyingi imeshafutika. Kompyuta inapewa 108, inauliza, haijibiwi, inaichukua. Muda mfupi baadaye rekoda inaamka na kujitangaza kwa 108 hiyo hiyo. Hapo ndipo onyo linapotokea. Kuwasha ruta upya husaidia kwa sababu safari hiyo rekoda iko macho, na kompyuta inasukumwa kwenye anwani nyingine.

Intaneti inakatika-katika badala ya kufa moja kwa moja kwa sababu ruta hukumbuka kifaa kilichojitangaza mwisho kwa anwani ile. Dakika hii kurasa zako zinafika kwako, dakika ijayo zinapelekwa kwenye rekoda, ambayo haikuziomba na inazitupa.

Tusimhukumu mshukiwa bila ushahidi. Windows huandika tukio hili kwenye kumbukumbu zake kwa namba 4199, pamoja na namba ya MAC ya kifaa cha pili. Fungua PowerShell uandike:

```
Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='System'; ProviderName='Tcpip'; Id=4199} -MaxEvents 5 | Format-List TimeCreated, Message
```

Utaona saa ya tukio, anwani iliyogombaniwa, na namba ya MAC, yaani jozi sita za tarakimu na herufi. Ilinganishe na ile iliyo kwenye kibandiko cha rekoda au kwenye ukurasa wake wa mtandao. Zikifanana, kesi imekwisha. Ukiambiwa hakuna tukio lililopatikana, pima kwa kompyuta nyingine huku yako ikiwa imetolewa kabisa kwenye waifai:

```
ping 192.168.1.108
arp -a 192.168.1.108
```

Usiishie kwenye `ping`, kwani kifaa kinaweza kukataa kuijibu na bado kikawepo. Mstari wa pili ndio wenye uzito: ukionyesha namba ya MAC, anwani ina mtu.

Sasa tiba. Ninayoipendelea ni kulipunguza fungu la ruta na kuiacha rekoda ilipo, maana mafundi wengi wa kamera huondoka na nywila ya rekoda, na pia programu au njia za kutazama kamera zilizokwisha kupangwa hazitaguswa. Ingia 192.168.1.1 kwa kivinjari, tafuta sehemu ya DHCP, yaani ya kugawa anwani (mara nyingi iko chini ya LAN), na badilisha anwani ya mwanzo, inayoandikwa `Start IP Address` au kwa jina linalokaribiana, kutoka 192.168.1.100 iwe 192.168.1.120. Mwisho uache 199. Umebaki na anwani 80, nyumba ya kawaida haizimalizi. Kabla ya kuhifadhi, hakikisha hakuna printa au kifaa kingine kilichopangiwa kwa mkono anwani kati ya 120 na 199, usije ukahamisha ugomvi tu. Hifadhi, washa ruta upya, kisha kwenye kompyuta:

```
ipconfig /release
ipconfig /renew
```

Anwani mpya inatakiwa iwe 120 au zaidi. Ikiwa bado ni 108, andika `ipconfig /all` utazame mstari wa `DHCP Enabled`. Ukisema `No`, kuna mtu aliiandika anwani hiyo kwa mkono ndani ya kompyuta; nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, kisha sifa za mtandao wako, na kwenye `IP assignment` chagua Automatic (DHCP). Simu na runinga zizime waifai na kuiwasha tena nazo zichukue anwani za fungu jipya.

Kuna ruta za kampuni za intaneti ambazo sehemu hiyo imefungwa kwa mteja. Hapo hamisha rekoda. Kwenye menyu yake ya mtandao, `TCP/IP`, ipe 192.168.1.20, barakoa 255.255.255.0 na geti 192.168.1.1. Ukikosea geti, kamera zitaonekana ukiwa nyumbani lakini zitapotea ukiwa nje. Na kama ruta ina kanuni ya kuelekeza milango kwenda 108, iandike upya kwenda 20.

Usingoje umeme ukatike wenyewe ndipo ujue kama umepona. Chomoa ruta na rekoda kwa pamoja huku kompyuta ikiwa imewashwa, zirudishe kwa pamoja, subiri kama dakika tano, kisha andika `ipconfig`. Kompyuta ikiwa na 120 au zaidi na picha za kamera zinaonekana, mgongano hauna pa kutokea.

Ikiwa namba ya MAC uliyoipata si ya rekoda, tazama kamera zenyewe. Kamera za IP za aina moja zilizochomekwa moja kwa moja kwenye ruta au swichi bila kubadilishiwa anwani huwa na anwani moja ya kiwandani zote, na hugombana zenyewe kwa zenyewe. Zichomeke moja moja, kila moja uipe anwani yake. Na kama onyo linataja 192.168.1.1, hilo ni jambo jingine: kuna ruta ya pili imeunganishwa kwenye mtandao ikiwa na anwani ile ile ya ruta yako. Ibadilishie anwani iwe 192.168.1.2 na uzime DHCP yake, ruta moja tu ndiyo igawe.