Maswali na majibu: Wakikwambia "utajulikana"

Mgahawa mmoja wa ufukweni unataka bendi yetu ya watu wanne ipige Ijumaa tatu bure, "mtajulikana", kisha ndiyo waangalie. Tukatae vipi bila kuwaudhi? (Mpiga gitaa, Dar es Salaam)

Pigeni hesabu kwanza. Kirikuu cha kubeba spika na kinanda kwenda na kurudi, tuseme 40,000. Chumba cha mazoezi 20,000. Kurudi nyumbani saa saba usiku watu wanne, daladala hakuna, 30,000. Hiyo ni 90,000 kwa usiku mmoja, 270,000 kwa Ijumaa tatu, na hakuna mwanamuziki aliyeshika hata mia. Maana yake ninyi ndio mtakaoulipa mgahawa.

Kisha jibuni siku hiyohiyo, kwa maneno kama haya:

"Asante kwa kutufikiria, dada. Bila malipo hatutaweza. Bendi ya watu wanne kwa saa tatu ni 400,000. Kama bajeti haifiki hapo, tunaweza kuja wawili, gitaa na sauti, kwa saa mbili, 150,000. Ijumaa ijayo tuna nafasi. Ukithibitisha kufikia Jumatatu, tutakuwekea."

Kukataa kumekwisha kwa sentensi moja, bila kuomba radhi na bila habari za kodi ya nyumba. Bei ipo palepale, kwa sababu mtu aliyekataliwa bila kutajiwa bei hajui arudi na kiasi gani. Na bei iliposhuka, watu na saa vimepungua pia. Msije mkaleta wanne kwa 150,000, maana kuanzia usiku huo ndiyo bei yenu.

Nasema hivi kwa uchungu. Ujanani tulipiga bure wiki sita katika hoteli moja. Fungu la muziki lilipopatikana, wakaita bendi nyingine. Sisi tulishakuwa "wale vijana wa bure".

Nikikataa, si watampata mwingine?

Watampata. Swali hili naletewa kila wiki na jibu halibadiliki: aliyekwenda kwa mwingine na mfuko mtupu hajaondoka na hela yako.

Kampuni inataka nitume nembo tatu zilizokamilika, wakipenda ndipo tuzungumze malipo. Nitume? (Mbunifu, Nairobi)

Usitume. Waonyeshe kazi ulizokwisha kuwafanyia wengine. Zinatosha kujua mkono wako. Wakitaka michoro yao wenyewe, hiyo tayari ni kazi: nusu ya malipo kabla ya kuanza, nusu nyingine kabla hujakabidhi faili la SVG. Katikati waone picha ndogo ya PNG yenye jina lako limepita juu yake. Lakini usiitegemee hiyo kama kufuli, kwani nembo nyepesi fundi yeyote huichora upya kwa saa moja.

Na kwa kuwa uko Kenya, kuna jambo hukuliuliza. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinahesabu kuwa haki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo katika barua pepe ya kwanza kabisa, andika: "Haki za nembo zitahamia kwenu malipo yote yatakapokamilika," na usianze kuchora kabla hawajajibu kuwa wamekubali. Wabunifu wengi huja kwangu wakati nembo iko tayari kwenye magari ya kampuni, nao hawana hata mstari mmoja ulioandikwa.

Shangazi ni mhazini wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Anataka niimbe usiku kucha bure kwa kuwa "ni nyumbani".

Shangazi hatumiwi bei kwa simu. Nenda kamwamkie, kaa naye, umwulize kama MC na mtu wa mapambo wanalipwa. Wanalipwa. Mwambie wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukumbini ni zawadi yako, na mwombe auandike kwenye daftari la michango pamoja na thamani yake: mwimbaji, wimbo mmoja, 100,000. Saa nyingine za usiku zina bei, nayo iende kwenye kikao kama bei ya ukumbi inavyokwenda. Lile daftari ni muhimu kuliko unavyodhani: wanakamati wengi wana watoto wao wa kuoza, na mstari ule ndio utakaowaambia unaimba kwa shilingi ngapi.

Nilikataa kazi ya shirika moja kwa adabu mwezi wa pili. Niwatafute tena lini?

Kabla bajeti haijafungwa. Serikalini hapa Tanzania, na Kenya pia, mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mashirika kadhaa hufuata kalenda hiyo. Lakini mengine huanza Januari, kwa hiyo ulizia lao. Likiwa la Julai, andika mwezi wa tatu au wa nne. Usiandike "nakukumbusha". Tuma kazi moja mpya inayofanana na waliyoitaka, bei yake chini, basi.