Baiskeli inalia ukikanyaga? Ekseli ya katikati iguswe mwisho

"Wakuu, nina baiskeli ya mtumba, fremu ya chuma, gia 21. Nikikanyaga kwa nguvu inalia kak, kak, mlimani ndiyo balaa. Fundi kaisikiliza mara moja akasema ekseli ya katikati imekufa, niiache kesho abadilishe. Nikubali?"

Usimwachie! Na kama umeshamwachia, kaifuate kabla hajashika nyundo.

Hayo maneno "ekseli imekufa" nimeambiwa mimi, hapa hapa Mwanza, na fundi aliyeegemea ukuta huku anakula mahindi ya kuchoma. Hakuigusa baiskeli. Aliinamisha sikio kama mganga, akataja bei. Yangu ilikuwa kama yako: chuma, mtumba, ikipanda mlima wa Bugando inalia mpaka watu wanageuka. Nikalipa. Leo ile fremu imelala nyuma ya nyumba, kuku wanaitagia. Cheka tu, nimeshazoea.

Sikiliza kilichotokea, maana ndicho kinachokusubiri kesho. Ile ekseli inayounganisha mikono miwili ya pedeli imeshikwa na vikombe viwili vilivyofungwa kwa thredi ndani ya bomba fupi la fremu, kimoja kila upande. Kwenye baiskeli nyingi zinazoingia kwetu, kikombe cha upande wa kulia, upande wa cheni, kina thredi za kinyume. Kinafunguka kwa kuzungusha kufuata saa. Cha kushoto ndicho cha kawaida. Sasa yule bwana akaweka spana yake upande wa kulia, akazungusha kinyume na saa kama anafungua nati yoyote ile. Kikagoma. Hakijaganda hata kidogo, ni yeye alikuwa anakikaza! Akachomeka bomba refu kwenye mpini, akamwita kijana wake wakaning'inia wawili. Meno ya kikombe yakalika. Akachukua patasi na nyundo, bado upande ule ule wa kukaza. Thredi za fremu zikakatika, tukaona vumbi la chuma linamwagika, naye ananiambia, "Unaona kutu ilivyokuwa imekula?" Kutu gani inang'aa, jamani?

Hakuishia hapo. Alipofanikiwa kukitoa, ekseli mpya aliianzisha ikiwa imelala upande, ikapanda juu ya thredi badala ya kupita ndani yake, akailazimisha na lile bomba lake. Ikasimama nusu. Baada ya siku chache ikaanza kucheza, kisha ikajitoa yenyewe nikiwa barabarani. Nikazunguka na fremu mabegani. Thredi zikiharibika kidogo husafishwa kwa tepu, kile chuma cha kukatia thredi, jozi ya kulia na kushoto, na sikupata mtu mwenye jozi hiyo. Fundi kereza alitaka kujaza kwa kuchomelea, akakiri mwenyewe kwamba joto lile litapinda bomba na vikombe viwili havitatazamana tena. Kuna ekseli zisizotumia thredi, zinazojibana kwa kutanuka ndani ya bomba. Madukani kwetu wananitazama kama naomba kipuri cha ndege.

Na kilichonimaliza kabisa: nikahamisha krenki na pedeli kwenye fremu ya shemeji yangu, yenye ekseli nzima isiyo na kasoro, na mlio ukahama nao. Kak, kak. Nikafungua pedeli ya kushoto. Thredi zake kavu, hazina tone la grisi, zimejaa unga mweusi wa aluminiamu. Nikafuta, nikapaka grisi, nikakaza. Kimya. Fremu nzima ilikufa kwa ajili ya grisi ya kujaa ncha ya kidole.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sitaibadilisha: ekseli ya katikati haiguswi mpaka siti, pedeli na bolti za krenki zimefunguliwa, zimesafishwa na kufungwa upya. Si kwamba ekseli haifi. Inakufa. Ila hivyo vingine unavifanya mwenyewe nyumbani kwa spana za kawaida bila kuharibu kitu, na mlio unadanganya sana. Fremu ni mabomba matupu, sauti ya siti inashuka hadi chini ya miguu, ya pedeli ya kushoto unaisikia kulia. Mtu anayekwambia kaipata kwa sikio, muulize alifungua nini.

Anza na siti kwa sababu kuipima hakuhitaji hata spana. Panda mlima umekaa, ikianza kulia simama juu ya pedeli uendelee kukanyaga vile vile. Ikinyamaza, tatizo liko kwenye siti au bomba lake. Usidanganywe na ukweli kwamba inalia kwa kufuata mguu. Kila ukikanyaga, makalio yanaegemea upande, siti nayo inasukumwa. Weka alama ya kimo kwa utepe, chomoa bomba la siti, futa mchanga wa nje na wa ndani ya fremu, paka grisi nyembamba, rudisha, kisha kaza na ile bolti inayoshika vyuma vya chini ya siti. Grisi hiyo ni kwa chuma na aluminiamu tu, bomba la kaboni lina dawa yake.

Ikiendelea kulia ukiwa umesimama, nenda kwenye pedeli. Utahitaji spana ya 15 nyembamba, au alenkii ya 6 au 8 kama pedeli zako zina tundu kwa nyuma. Hapa pia kuna mtego: pedeli ya kushoto ndiyo yenye thredi za kinyume. Usihangaike kukariri saa. Simamisha spana, mpini utazame juu: kukaza pedeli yoyote ile, kulia au kushoto, mpini unakwenda mbele kuelekea gurudumu la mbele, kufungua, unarudi nyuma. Tazama pia herufi kwenye ekseli ya pedeli, L ni ya kushoto na R ya kulia. Futa thredi za pedeli na za tundu la krenki mpaka kitambaa kisitoke cheusi, paka grisi, anza kuzungusha kwa vidole. Kama vidole haviwezi kuiingiza mizunguko kadhaa, imelala upande, itoe uanze upya. Kisha kaza kwa nguvu ya maana, si kwa vidole viwili kama unafunga chupa ya soda.

Zinafuata bolti za krenki. Shika mikono yote miwili ya krenki, isukume na kuivuta kuelekea fremu na kutoka nje. Hapa ndipo ningemkamata yule fundi kama ningejua. Ukicheza mkono mmoja peke yake, umelegea kwenye ekseli. Ikicheza yote miwili kwa pamoja, ndipo ushuku beringi za katikati.

Baiskeli ya umri wa yako huenda ina ekseli ya kichwa cha pembe nne, na bolti yake ni ya soketi ya 14 au alenkii ya 8, imejificha nyuma ya kifuniko cha plastiki. Inataka mkazo wa kama nyutoni mita 40. Huna spana ya kupimia? Mimi pia sina. Chukua spana yenye urefu wa sentimita 20, mwisho wake weka nguvu sawa na ndoo ya maji ya lita 20 ikining'inia. Ni hapo hapo. Utashangaa ni nguvu kubwa kiasi gani, wengi wanaikaza nusu yake.

Ila ukikaza, na baada ya safari chache imelegea tena, usiendelee kukaza kila Jumapili. Tundu la mkono limeshapanuka. Ekseli ni chuma kigumu, mkono ni aluminiamu laini, na ukiendesha ikiwa imelegea, ekseli inalitafuna tundu mpaka halishiki tena. Badilisha mkono huo, ekseli yako haina kosa. Na kuutoa kunahitaji pula yake, ile inayojifunga kwenye thredi za krenki. Izungushe kwa mkono mpaka ifike mwisho kabisa kabla hujaanza kusukuma, la sivyo inachomoka na thredi za krenki. Atakayekuja na nyundo mwambie akapige msumari kwake.

Kwa wale wenye baiskeli za mzigo za kizamani, yenu haina bolti hiyo, ina pini ya chuma iliyopita kwenye mkono kwa ubavu. Ikilegea utahisi mguu unadondoka kidogo kila mzunguko, kisha tok. Pini ni ya bei ndogo, weka mpya.

Umefanya hayo yote na bado inalia? Basi shusha cheni kwenye krenki, zungusha krenki kwa mkono huku kidole kimegusa bomba la fremu. Ukihisi changarawe ndani, au mikono yote miwili inacheza pamoja, fundi wako amepatia, na nitamwomba radhi kimoyomoyo. Lakini uwe umesimama pale pale. Soma kwenye kikombe, ukiona 1.37x24 ni thredi za Kiingereza, za kulia kinyume kama nilivyosema. Pima upana wa bomba lile fupi: milimita 68 au 73 ndiyo kawaida ya aina hiyo. Ukipata 70 simama, huenda ni ya Kitaliano, ambayo pande zote mbili zinafunguka kinyume na saa, na ekseli yake ni nyingine.

Kwa ile ya Kiingereza, kumbuka ni kinyume cha pedeli: mpini wa spana ukiwa umetazama juu, kufungua vikombe unakwenda mbele, pande zote mbili. Mwulize fundi kabla hajagusa, "Cha kulia unakizungusha wapi?" Akichelewa kujibu, au akacheka, panda baiskeli yako uondoke nayo inalia hivyo hivyo.

Usiku huu fanya la siti na la pedeli ya kushoto. Uandike hapa kitambaa kimetoka rangi gani.