Kuchagua miti au kufyeka wote?

"Kukata miti michache si salama kuliko kufyeka wote? Na cheti cha mbao kinathibitisha nini?"

Si lazima, ndugu. Mti mkubwa uliofungamana na jirani zake kwa mitambaazi ukianguka, huivuta na kuivunja. Kisha trekta linaloburuta gogo likijipitia popote, udongo unashindiliwa na miche inashindwa kuota. Tena wakataji huchukua miti iliyonyooka, wakaacha iliyopinda itoe mbegu. Kufyeka wote hufaa shamba la misonobari, ambayo hupenda jua. Kwenye msitu wa asili ni hasara kubwa.

Cheti kama cha FSC, shirika la kimataifa la usimamizi wa misitu lililoanzishwa 1993, kinapima namna ya kukata. Mkaguzi huingia msituni na kulinganisha namba iliyo kwenye kisiki na ile ya kwenye ramani. Anaangalia kama mitambaazi ilikatwa miezi kadhaa kabla, kama njia za kuburutia zilipangwa mapema, na kama kingo za mito zimeachwa.

Udhaifu ninaouona ni kwamba hukagua sehemu chache kwa siku chache. Na wakataji wakirudi kuvuna baada ya miaka 30, miti mingi ya mbao ngumu huwa bado haijafikia unene wa ile iliyokatwa mwanzo.