Je, "pole" inatosha kwa aliyefiwa?

*Mwenzangu wa kazini amefiwa na mama yake. Kila nikitaka kumwandikia naishia kwenye "pole", neno ambalo hata aliyejikwaa tunamwambia. Niseme nini?*

Mwandikie hiyohiyo pole. Neno hili halipimi ukubwa wa kilichompata mtu, linamjulisha tu kwamba umekiona. Ndiyo maana hujibiwa kwa "asante" au "nimeshapoa", hata pale ambapo anayejibu hajapoa hata kidogo.

Watu huteleza kwenye yale maneno mawili matatu yanayofuata. Niliwahi kushika kadi ya ofisini iliyoandikwa "pole kwa kifo chako". Hiyo "chako" ilimfanya msomaji awe ndiye marehemu! Mwingine huandika "pole kwa hasara yako", kana kwamba duka limefungwa. Kiswahili kina kitenzi chake hapa: kufa, kufia, kufiwa. Katika "umefiwa na mama", anayetangulia ni aliyebaki, na aliyeondoka huja baada ya "na". Ukigeuza ukasema "mama yako amefiwa", umemfanya mama awe hai na ndiye mwenye msiba.

Kwa hiyo ningeandika hivi:

"Pole sana kwa kufiwa na mama. Nakumbuka ulivyokuwa ukitoka nje kila siku saa saba kumpigia simu. Ripoti ya Ijumaa nitaiandika mimi. Usihangaike kunijibu."

Sentensi ya pili ni yako peke yako, hakuna mwingine atakayemwandikia hiyo. Kama huna kumbukumbu yoyote, iruke, usiitunge. Ya tatu imechukua nafasi ya "ukihitaji chochote niambie", ambayo kwa kweli humpa mfiwa kazi mpya ya kufikiria akutume nini. Ya mwisho inampunguzia deni la majibu, maana simu yake siku hizo haitulii.

"Jikaze" nisingeitumia kabisa. Ni amri, na hakuna aliyekupa cheo cha kumwamrisha. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni ngumu zaidi, kwa sababu wapo wanaofarijika nayo kweli. Akianza yeye kuisema, mwitikie. Ukianza wewe, inasikika kama umemfungia mlango kabla hajalia. "Mungu amlaze mahali pema peponi" nayo iache mpaka uwe unaijua imani yake.

Akirudi kazini, usimkaririe ujumbe wako. "Pole, ndugu yangu," kisha unyamaze. Akitaka kuzungumza ataendelea mwenyewe. Na ukimkuta yuko na jamaa zake, usiisahau ile "-ni": poleni.