Mzigo umefika, lakini umefika wapi?

"Nimetumiwa ujumbe kwamba mzigo wangu kutoka Dar uko kituo cha kuchukulia, karibu na stendi ya Nane Nane hapa Mbeya. Nimefungua pini kwenye ramani na jina lipo kweli. Nitoke niende?" – Msomaji, Mbeya

Subiri kidogo, ndugu yangu. Jina kuwepo kwenye Google Maps halithibitishi kitu, kwa sababu yeyote mwenye akaunti anaweza kuongeza sehemu na kuipa jina analotaka. Ibonyeze hiyo sehemu, uangalie picha zake. Je, zimewekwa na watu tofauti, kwa miezi tofauti, na unaona mlango, kibao na maduka ya jirani? Au ni nembo tu iliyopakiwa wiki iliyopita? Angalia pia kama pini imekaa pale walipokuelekeza. Wakisema "mkabala na kituo cha mafuta" na pini iko katikati ya makazi, waulize.

Halafu angalia saa. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Basi lililotoka Dar saa 12 asubuhi, ikifika saa 6 mchana bado halijafika hata Iringa. Kwa hiyo kama muuzaji alikuambia mzigo umepakiwa leo alfajiri, na mchana huu huu mtu anakwambia uje uuchukue Mbeya, huyo anakudanganya.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni simu, ila usipige ile namba iliyo kwenye ujumbe. Tafuta namba ya ofisi kwingine: kwenye tiketi ya zamani ya kampuni hiyo ya basi, au kwa mkata tiketi wao pale stendi. Ukipokelewa, toa namba ya stakabadhi peke yake, kisha nyamaza. Mwache yeye akwambie mzigo umetoka kwa nani, umeandikwa jina gani na umekuja na basi lipi. Mwenye mzigo mkononi anavisoma vyote hivyo juu ya boksi. Asiye nao ataanza kukuuliza wewe: "Kwani ulikuwa unategemea nini?"

"Wanasema nitume elfu tano ya kutolea mzigo kwanza, ndipo wanielekeze ofisi ilipo. Ni kawaida?" – Mama wa watoto wawili, Dodoma

Si kawaida, dada, usitume. Kuna mizigo ambayo nauli yake hulipwa na mpokeaji, hilo lipo, lakini hulipwa dirishani, mzigo ukiwa mbele yako. Kama ofisi ina Lipa Namba, jina la biashara litatokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Likitokea jina la mtu usiyemjua, au ukipewa namba ya kawaida ya simu, ishia hapo hapo na uupeleke ujumbe wao kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa mitandao ya simu.

"Nimefika, nimekuta meza moja ndani ya duka la vifaa vya simu. Hii ndiyo ofisi?" – Kijana wa Morogoro

Inawezekana kabisa, wala meza isikutishe. Mawakala wengi wa kweli wamejibanza kwenye kona ya duka la mtu. Angalia kilichopo juu ya meza na ukutani: leseni ya biashara na cheti cha TIN, na hasa daftari. Daftari la wakala anayefanya kazi kila siku limechakaa pembeni, na lina safu za majina, namba za simu na sahihi za waliochukua mizigo jana na juzi. Mimi niliwahi kufika Kariakoo nikakuta mlango una kufuli. Muuza viatu wa jirani ndiye aliyeniambia, "Hao huja Jumamosi tu." Tangu siku hiyo humuuliza jirani kwanza, maana yeye ndiye anayeona nani hufungua na saa ngapi. Kama uko mbali, mtume bodaboda unayemfahamu akupigie simu ya video akiwa mlangoni.

"Na kama ujumbe unasema mzigo uko Posta?" – Msomaji, Tanga

Tazama namba ya kufuatilia. Kwa vifurushi vya posta vya kimataifa huwa na herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka: CN ni China, TZ ni kwetu. Haikukaa hivyo? Usibonyeze kiungo chochote. Nenda nayo dirishani ofisi ya posta ya mjini kwako, waitafute mbele yako.