Hedhi Haikosi Mwezi, Kwa Nini Nipimwe Mirija?

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 29, ndoa yangu ina miaka mitatu na sijawahi kushika mimba. Hedhi yangu haikosi mwezi. Daktari ameniandikia kipimo cha mirija, HSG, lakini wifi yangu anasema ninywe kwanza dawa ya kusafisha kizazi. Hicho kipimo kinaonyesha nini, na mirija inazibaje wakati siku zangu zinakuja vizuri?"

Marahaba, mwanangu. Damu ya hedhi hutoka kwenye ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, nalo yai hupevuka kwenye ovari. Mirija haihusiki na hayo mawili, ndiyo maana mwanamke anaweza kuona siku zake bila kukosa ilhali mirija yote miwili imeziba. Mara nyingi chanzo ni maambukizi ya zamani, hasa klamidia, ambayo humpitia mtu bila maumivu wala uchafu wa kumshtua na kuacha makovu ndani ya mrija. Kovu haliondoki kwa dawa ya kunywa, kwa hiyo hiyo ya wifi yako iache, na usikubali kabisa kuwekewa chochote ukeni.

Kipimo hufanyika damu ikishakatika na kabla yai halijatoka, takriban siku ya 6 hadi ya 10 tangu hedhi ianze, nanyi mjizuie kukutana tangu hedhi ianze hadi upimwe, ili isije ikawa una mimba changa. Utalala chali chini ya mashine ya eksirei, mpira mwembamba utapitishwa kwenye mlango wa kizazi, na dawa yenye ayodini itasukumwa polepole huku picha zikipigwa. Mfuko wa uzazi huonekana kama pembetatu, na kwenye pembe zake mbili za juu hutokeza nyuzi mbili nyembamba. Dawa ikifika mwisho wa uzi na kumwagikia tumboni, mrija huo unapitika. Ikikwama mwishoni na mrija ukatanuka, kwa kawaida umeziba na umejaa maji.

Ikikomea pale pale pembeni mwa mfuko, usilie bado. Misuli ya hapo hubana kwa maumivu au hofu, na mrija usio na tatizo ukaonekana umeziba, hivyo muulize daktari kama kipimo kirudiwe au uchunguzwe kwa kamera tumboni. Ndiyo maana nakusihi umwombe dawa ya maumivu ya kumeza saa moja kabla, kwa kuwa tumbo hunyonga kama siku za hedhi. Kama una mzio wa dawa yoyote au unatokwa na uchafu wenye harufu, sema mapema.

Mumeo naye apime mbegu sasa, kabla wewe hujapanda kwenye meza hiyo. Baada ya kipimo, matone ya damu kwa siku moja au mbili ni ya kawaida, lakini ukipata homa, maumivu yanayozidi au uchafu unaonuka, rudi hospitali siku hiyo hiyo.